Karatasi Iliyobisha Hodi

Wanafunzi wa idara ya siasa walimwita Dokta Mizani, na wala hawakuwa wakimsifu. Jina lake hasa ni Mawunyo Kpeglo, mzaliwa wa Papase, Ghana, kwenye milima ya kakao, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka mingi ya kusahihisha. Wenzake aliosoma nao walishakuwa maprofesa, wengine walishakuwa mawaziri wakatoka wakarudi. Yeye alibaki palepale, kwenye ofisi ya mwisho ya ukumbi, yenye dirisha linalotazama matangi ya maji ya chuo, akifundisha siasa linganishi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Vitabu hakuandika. Muda wa kuandika vitabu aliumaliza kwenye karatasi za watoto wa watu.

Baba yake alikuwa mpima kakao. Kila asubuhi ya msimu, kabla ya kumwita mkulima wa kwanza, mzee yule aliweka kwenye mizani chuma ambacho uzito wake ulijulikana, akatazama mshale, akaridhika, ndipo kazi ikaanza. Hakujali kama aliyefuata kwenye foleni ni shemeji yake au ni mtu aliyemtukana kanisani. Mawunyo alirithi tabia hiyo, ila mizani yenyewe ikawa kichwa chake, na kichwa hakina mshale wa kutazama. Hapo ndipo yalipoanzia yote.

Somo lake alilifundisha vizuri, hilo hata maadui zake walikubali. "Kulinganisha si kuziweka nchi mbili sahani moja kama wali na maharage," alikuwa akisema, chaki mkononi. "Kwanza niambie kwa nini hizi mbili na si nyingine. Nyumba mbili, mvua moja, bati la aina moja, lakini moja inavuja. Basi usiniletee habari za mvua! Mvua imenyesha kote. Nitafutie kilichotofautiana. Na ukishachagua, pima zote kwa kipimo kimoja. Usiniambie nchi hii ina katiba nzuri na ile ina polisi wabaya. Katiba kwa katiba, polisi kwa polisi. La sivyo umepiga porojo, na porojo hata kinyozi wangu anazipiga, tena bora kuliko wewe."

Wakacheka, wakaandika. Halafu kila mwaka aliongeza: "Sababu za kuchagua nchi zako, ziweke aya ya pili. Aya ya pili ndiyo nyumba yake." Aliwaambia hivyo ili kuwasaidia. Ndivyo alivyodhani.

Kusahihisha nako alikuwa na utaratibu wake. Hakusoma karatasi moja mwanzo hadi mwisho akaigonga alama. La, kufanya hivyo ni hatari: ukishapendezwa na mwanzo, unausamehe mwisho. Yeye alichukua kipengele kimoja cha mwongozo, akapita nacho kwenye rundo zima, kisha akarudi na kingine. Siku ya sababu za uchaguzi alifungua kila karatasi aya ya pili, akasoma, akaandika alama kati ya kumi. Siku ya vigezo alifungua katikati, akaweka kidole kwenye kigezo cha nchi ya kwanza, akakitafuta kwenye nchi ya pili, akaandika alama. Hakuna jina juu ya karatasi, namba tu. Nani angeweza kumlaumu?

Alhamisi moja ya Juni, mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na ushei, amefunga kitambaa kichwani, mkoba umemkaa begani kama wa mtu anayetoka kazini. Alikuwa Lariba Awiah, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Paga, kule juu kabisa mpakani. Alikuwa chuoni kwa likizo ya masomo.

"Dokta, samahani kukusumbua. Nimeona matokeo ya awali. Nimepata arobaini na sita."

"Na kufaulu ni hamsini."

"Ndiyo, Dokta. Sikuja kuomba alama." Alisema haraka, kana kwamba ameifanyia sentensi hiyo mazoezi njiani. "Naomba unioneshe tu nilipokosea. Likizo yangu inaisha Agosti. Wamenipa nafasi kwa sharti nirudi na shahada, na somo hili halirudi mpaka mwakani. Nikirudi mikono mitupu, kiti changu kina mtu. Basi angalau nijue nimepoteza kazi kwa kosa gani."

Mawunyo hakupenda maneno ya namna hiyo, lakini mwanamke mwenyewe hakuwa akilia, na hilo lilimgusa zaidi. Akamwelekeza kiti, akafungua kabati, akaitafuta namba yake, akaitoa insha.

Swali lilikuwa moja kwa wote: chagua nchi mbili za Afrika Magharibi, eleza kwa nini wanajeshi wa moja wamebaki kambini kwa miaka mingi na wa nyingine wametoka wakatwaa serikali. Lariba alichagua Ghana na Burkina Faso. Aya ya pili ilisema hivi: "Nimezichagua nchi hizi kwa sababu kwetu ni mpakani, nyumba yetu inatazama upande wa pili, na nazijua zote."

"Unaona?" Mawunyo alisema, akigonga kwa kalamu. "Hii si sababu, mwalimu mwenzangu. Kuwa jirani na kitu si sababu ya kukichunguza. Hapa nimekupa moja kati ya kumi, na hiyo moja ni ya heshima."

"Nimekuelewa, Dokta. Lakini ukurasa wa tano..."

"Ukurasa wa tano ni vigezo. Vigezo nimekupa tisa. Tisa siwapi watu hovyo."

"Naomba uusome tu, Dokta."

Akaufungua. Alivikumbuka vigezo vile, maana vilimfurahisha: nani anapandisha maofisa vyeo, je, mkuu wa nchi ana kikosi chake cha ulinzi kilichotengwa na jeshi, je, chama tawala kimewahi kushindwa kwa kura kikaondoka. Vitatu kwa Ghana, vilevile vitatu kwa Burkina, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Lakini juu ya vigezo, kwa mwandiko uleule wa mwalimu wa darasa la tatu, kulikuwa na mistari mingine:

"Zote mbili zilitawaliwa na wanajeshi mara kadhaa. Zote zinachimba dhahabu. Zote zina kaskazini yenye ukame. Kwa hiyo dhahabu na ukame, na hata historia ya mapinduzi, peke yake haviwezi kueleza tofauti yao ya leo. Ndiyo maana nimeziweka pamoja, na si Ghana na nchi ya mbali isiyofanana nayo."

Nyumba mbili, mvua moja, bati la aina moja. Alilolifundisha miaka yote lilikuwa pale, limeandikwa kwa ufupi na kwa usafi kuliko alivyowahi kulisema mwenyewe. Na kidole chake kilishapita palepale! Siku ile alikuwa akitafuta vigezo, akaviona vigezo, hakuona kingine. Siku ya sababu, hakuvuka aya ya pili.

"Mwalimu Lariba," akasema polepole, "hujakosea. Nimekosea mimi. Hii ni saba, pengine nane. Umefaulu."

Lariba akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nitalirekebisha," Mawunyo akaahidi.

Heri angenyamaza. Mtu mzima, aliyekaa kwenye vikao vya watahini tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alijua vizuri kwamba neno hilo si lake kulitoa. Lakini alikuwa na furaha, na furaha humpata mtu wa aina yake mara chache, akakosa adabu nayo.

Mkuu wa idara, Profesa Nyarkoa Ampem, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani.

"Kaka Mawunyo, kanuni inasemaje?"

"Naijua kanuni."

"Unaijua kwa sababu uliiandika wewe. Mimi nilikuwa kijana hapa, nikakuona umesimama kwenye kikao unatetemeka kwa hasira, wakati ule watu walipokuwa wanafungua karatasi za mabinti wa marafiki zao na kuongeza kidogokidogo. Ukasema, kosa la kujumlisha lirekebishwe peke yake, lakini karatasi moja ikisomwa upya kwa hukumu, zote zisomwe upya kwa jicho hilohilo. Nikakupigia makofi. Leo umebadilika?"

"Sijabadilika. Lakini huyu mama ameandika kitu cha kweli."

"Na wengine waliokiandika ukurasa wa sita, wa saba? Umewasoma?"

"Sijawasoma."

"Kikao ni Jumatatu saa nne," Profesa akasema, sasa kwa upole. "Orodha ya wahitimu inakwenda juu siku hiyohiyo. Ukizimaliza zote, nitakuunga mkono mwenyewe. Ukisoma yake tu, nitakuwa wa kwanza kukataa."

Karatasi zilikuwa mia mbili na arobaini.

Jirani yake wa ofisi, Dokta Ntim, alipopata habari alimfuata akicheka. Ntim alikuwa kijana wa suti, mwepesi wa yote, wa kukopa chaki na wa kutoa ushauri. "Dokta Mkubwa, unajitesa bure. Andika kosa la kujumlisha. Sita zilisahaulika. Nani atahesabu?"

"Hakukuwa na kosa la kujumlisha."

"Mama atafaulu kwa haki yake, si ndiyo? Umemwibia wewe, unamrudishia wewe. Uongo uko wapi?"

"Toka, Ntim."

"Natoka. Lakini siku moja haki yako itakuua, na hutapewa hata cheti."

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alisoma. Hakwenda kanisani. Mkewe Enyonam alimletea akple, ugali wa kwao, na supu ya bamia hadi ofisini, akasimama mlangoni akitazama marundo sakafuni.

"Watu huoa mke wa pili," akasema. "Wewe umeoa karatasi. Angalau mke mwenza ningegombana naye."

"Kaa nami kidogo," Mawunyo akasema, naye akaketi, akawa anampepea kwa jalada la faili kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Safari hii alisoma kila insha kuanzia neno la kwanza. Na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kufa moyo. Maana hakuwa Lariba peke yake. Mmoja alikuwa ameweka sababu zake kwenye hitimisho. Mwingine alizisambaza, mstari hapa mstari pale, ukiziunganisha ni hoja kamili. Kila mmoja alikuwa na mbili, au moja, au sifuri, kwa mwandiko wa Mawunyo mwenyewe wenye wino mwekundu. Na kulikuwa na wa upande wa pili, hao ndio waliomnyima hata hamu ya kula. Aya ya pili imenyooka, maneno yake mwenyewe ya mvua na bati yamenakiliwa kama yalivyo, amepewa nane. Ukiendelea kusoma, hakuna mfanano wowote unaooneshwa, mwandishi amekariri tu. Hao walistahili mbili. Aliona namba mbili tatu ambazo zingeanguka chini ya hamsini. Vijana hao walikuwa wamekwisha kununua nguo za mahafali.

"Nimekuwa nikisahihisha anwani," akamwambia mkewe. "Barua sikuifungua."

"Miaka yote?"

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Alikuwa anawafikiria waliopita, mwaka hadi mwaka, ambao karatasi zao zilishachomwa na hakuna awezaye kuzisoma tena. Enyonam akaacha kupepea, akamshika bega, wala hakumtania tena.

Jumatatu saa nne ilifika zikiwa zimebaki kama themanini. Aliingia kikaoni na macho mekundu, amekumbatia rundo lililosomwa.

"Zimekwisha?" akauliza Profesa Nyarkoa.

"Bado. Lakini nilizozisoma zinaonesha tatizo. Naomba kikao kizipokee hizi, zilizobaki nimalize wiki hii."

"Orodha inakwenda leo," akasema mjumbe mmoja. "Halafu Dokta, samahani, hizi ulizosoma kwanza ulizichaguaje?"

"Zilikuwa juu ya rundo."

Kicheko kikapita mezani, si cha ubaya, cha watu wanaofundisha somo moja. Hata yeye alijua kwamba mwanafunzi angempa jibu hilo angemwandikia sifuri. Profesa Nyarkoa hakucheka.

"Hatuwezi kuwapandisha na kuwashusha hawa huku wengine wakipimwa kwa kipimo cha zamani," akasema. "Unalijua hilo kuliko sisi sote. Alama zinabaki kama zilivyo. Kabla sijafunga: kuna makosa ya kujumlisha?"

Ntim, aliyeketi kando yake, akamkanyaga mguu chini ya meza.

Lilikuwa neno moja tu. Lipo. Namba fulani, alama sita. Profesa angeliandika, kikao kingeitikia, na kule Paga mwanamke mmoja angerudi darasani kwake Septemba. Mawunyo alifungua mdomo. Aliliona rundo lake, na ndani ya rundo wale wengine ambao hakuwajua majina, walioandika ukurasa wa sita na wa saba na ambao hawakuja mlangoni kwake.

"Hakuna," akasema.

Profesa akaandika. Kikao kikaenda kwenye ajenda iliyofuata, habari za viti vya ukumbi wa mihadhara.

Lariba alikuwa akimsubiri kwenye benchi la ukumbi, amevaa vizuri, kama mtu aliyekuja kupokea kitu. Alipomwona uso akasimama.

"Wamekataa," Mawunyo akasema. "Nimeshindwa kumaliza kuzisoma zote. Nisamehe, mwalimu."

"Lakini uliniambia nimefaulu."

"Umefaulu. Kwa insha yako umefaulu. Kwa orodha, hapana."

"Na hakukuwa na njia nyingine? Hata moja?"

Angeweza kumdanganya hapo, na ingekuwa huruma. Hakuweza. "Ilikuwepo. Ningesema nilikosea kujumlisha. Waliniuliza, nikakataa."

Macho ya Lariba yakajaa, akayafuta kwa ncha ya kitambaa kwa hasira, kama anayefuta ubao. "Neno moja, Dokta! Nina darasa la watoto sitini. Nina mama mgonjwa wa miguu. Neno moja lingekuua?"

"Walikuwepo wengine kama wewe."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne, katika nilizosoma. Sijui kwenye zilizobaki."

"Nao walikuja kwako?"

"Hapana. Hawajui."

Akakaa tena kwenye benchi, mkoba magotini. Wanafunzi walipita wakicheka, wamebeba waakye, wali uliopikwa na kunde, kwenye majani, na mmoja akasalimia, "Dokta, habari za asubuhi," wala hakuitikiwa. Lariba aliposema tena, sauti yake ilikuwa imetulia, na Mawunyo angependelea azidi kumfokea.

"Kwa hiyo ningekuwa nimefaulu kwa sababu nilikuwa karibu na mlango wako."

"Mwalimu Lariba..."

"Kwa sababu hiyohiyo ulinipa moja kati ya kumi."

Alinyanyuka, akarekebisha kitambaa, akamuaga kwa adabu zote, akateremka ngazi kwenda kutafuta gari la kaskazini. Hakugeuka nyuma.

Mawunyo alirudi ofisini. Mama Araba, katibu wa idara, alikuwa amekwisha kuleta magunia ya kuhifadhia karatasi, na kamba.

"Dokta, stoo inafungwa saa tisa. Nianze kufunga?"

"Haya zifunge," akaonesha zilizosomwa. "Zile themanini niachie."

"Za nini tena? Si zimekwisha?"

"Zimekwisha."

Mama Araba akamtazama, akaguna, akaanza kufunga gunia la kwanza. Mawunyo akavuta kiti dirishani, akachukua karatasi iliyokuwa juu, akaanza kusoma kutoka neno la kwanza. Sababu za mwanafunzi huyo zilikuwa ukurasa wa nne, nzuri, za kutosha kumvusha. Pembeni kulikuwa na alama mbili kwa wino mwekundu. Hakuzifuta. Aliiweka kando, akachukua nyingine.